Namba mbili za kwenye pampu haziji pamoja

Kwenye kibati cha pampu ndogo ya maji utakuta maandishi kama H max 24 m na Q max 180 l/min. Wanunuzi wengi hudhani watapata vyote kwa mpigo: kupandisha maji mita 24 na kupata lita 180 kwa dakika. La hasha. Mita 24 ni pale koki imefungwa na hakuna tone linalotoka. Lita 180 ni pale maji hayapandishwi juu sana. Kilicho katikati hakiandikwi, lakini kinapimika.

Vifaa ni vichache. Tangi la maji, pampu na mota yake, geji moja kwenye bomba la kufyonza na nyingine kwenye bomba la kutolea, koki baada ya geji ya pili, pipa lenye alama ya lita 100, saa ya simu na mita ya wati. Jaza pampu maji kwanza, iwashe huku koki ikiwa imefungwa, kisha fungua koki kidogo kidogo, ukiandika vipimo kila hatua. Usiiache imefungwa muda mrefu, maana maji yaliyomo ndani huchemka.

Tuchukue hatua moja. Geji ya kutolea inasoma bar 1.5, ya kufyonza inasoma bar 0.2 chini ya sifuri. Hapa ndipo wanafunzi hukosea: hizo mbili zinajumlishwa, hazitolewi, kwa kuwa pampu imefanya kazi ya kuvuta na ya kusukuma. Jumla ni bar 1.7, na bar moja ni kama mita 10.2 za maji, basi tunapata mita 17.3. Ongeza sentimita 40 ambazo geji ya juu imeizidi ya chini: mita 17.7. Hicho ndicho kimo cha pampu.

Pipa limejaa kwa sekunde 50, yaani lita 2 kwa sekunde, au mita za ujazo 0.002. Nguvu ambayo maji yameipata ni msongamano wa maji mara mvutano wa dunia mara maji kwa sekunde mara kimo:

```
1000 × 9.81 × 0.002 × 17.7 = 347 W
```

Mita ya wati inasoma 900, hivyo ufanisi wa pampu pamoja na mota ni asilimia 39. Ukizidisha volti 230 kwa ampea 5 utapata 1150, na pampu itaonekana mbovu kuliko ilivyo. Kwenye mota ya umeme wa AC zao hilo si wati halisi.

Koki ikifungwa, ufanisi ni sifuri. Ikifunguliwa yote, kimo hushuka mpaka mita 8 hivi na ufanisi huwa chini ya robo. Ukichora grafu, kilele kiko katikati, na hapo ndipo pampu inapaswa kufanyia kazi.

Mshale wa geji ukitetemeka na pipa likachelewa kujaa, usiandike kitu. Hewa inaingia upande wa kufyonza. Paka povu la sabuni kwenye maungio: penye upenyo, povu litanyonywa ndani.