Stopu ya NC haichorwi kwa mkwaju

Basi tena jamani. Kitufe cha kuzima mota kimefungwa waya kwenye upande wa NC, kwa hiyo mtu anaona lazima na kwenye programu ya PLC, kompyuta inayoendesha mashine, kichorwe kwa alama ya NC, ile yenye mkwaju. Sivyo! Tazama:

```
|--+--[ START ]--+--[ STOP ]--( MOTOR )--|
   |             |
   +--[ MOTOR ]--+
```

Alama `[ ]` inaiuliza PLC swali moja tu: biti hii ni 1? Alama `[/]` inauliza: ni 0? Hazijui kitufe chako kimeundwaje. Kitufe cha NC kikiwa kimetulia kinapitisha umeme, hivyo STOP tayari ni 1 na hapo njia imeunganika. Bonyeza START, MOTOR inakuwa 1. Ukiachia, START inarudi 0, lakini tawi la chini sasa ni 1, kwa hiyo mota inajishikilia yenyewe. Bonyeza STOP, inakuwa 0, njia inakatika. Ukiiachia hakuna kinachowaka, kwa sababu START na MOTOR zote ni 0.

Sasa weka `[/ STOP ]` uone: ukibonyeza START mota haiwaki kabisa, ila ukishikilia vitufe vyote viwili kwa pamoja inawaka. Ukiona kioja hicho umejua tatizo. Tazama pia taa ya ingizo la STOP kwenye PLC: kitufe kikiwa kimetulia, inatakiwa iwe inawaka.

Nadhani kosa hili linatoka kwenye simuleta. Huko mara nyingi maingizo yote huanza na 0, kwa hiyo mkwaju unafanya kazi vizuri mno. Mtu akifika kwenye paneli mambo yanakataa, naye badala ya kurekebisha programu anabadilisha kitufe kuwa NO, kinachopitisha umeme kikibonyezwa tu. Hapo ndipo ninapokasirika. Waya wa kitufe cha NC ukikatika, STOP inakuwa 0 na mota inasimama. Wa NO ukikatika, mota inaendelea kuzunguka huku wewe unabonyeza bure.

Kitufe cha dharura usikitegemeze kwenye mstari huu. Kikate umeme wa koili ya kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha mota, kwa sakiti yake ya usalama.

Ninapobaki na shaka ni kwenye lile tawi. Vitabu huweka biti ya MOTOR bila maelezo. Lakini ovalodi, kinga ya mota isizidiwe na mzigo, ikikata koili na PLC haijui, biti inabaki 1. Ukiiriseti ovalodi, mota inaondoka ghafla. Ukitumia kontakti saidizi ya kontakta kama ingizo, hilo haliwezekani, ila START iliyoguswa haraka sana huenda ikaachiwa kabla kontakta haijavuta. Kwa sasa nabaki na biti ya MOTOR, na kontakti ya NC ya ovalodi naileta kwenye ingizo lake na kuiweka kwa mfululizo na STOP, nayo kwa `[ ]`.