Ukurasa hautoi sauti? Angalia kichupo kwanza

Sauti ikikata kwenye ukurasa watu wanakimbilia spika, mara wanachomoa waya, mara wanapandisha voliumu mpaka 100, na wengine wanafuta draiva kabisa halafu ndio wananiletea laptopu. Mimi naanzia juu, kwenye kile kichupo chenye jina la ukurasa. Bonyeza pleyi, subiri sekunde chache, halafu tazama kama kuna kialama cha spika pale. Kikiwepo kizima, brauza inatoa sauti na shida iko mbele ya brauza, kikiwa na mstari juu yake basi umenyamazisha mwenyewe, na kisipokuwepo kabisa ukurasa wenyewe hautoi kitu.

Juzi kaja mwalimu mmoja wa tuisheni za mtandaoni, "fundi, hii imekufa sauti, nimeizima na kuiwasha mpaka nimechoka." Nikafungua Chrome, video inacheza, kialama kina mstari. Nikamwambia mwalimu hapa hata uizime mpaka kesho haitasaidia, kwa sababu tangu mwanzoni mwa 2018 Chrome ukikliki kulia kwenye kichupo ukachagua `Mute site` unanyamazisha tovuti nzima na inakumbuka, hata ukifunga kila kitu. Firefox wao wananyamazisha kichupo kile kile tu, ukikifunga yameisha. Ni rahisi sana mkono ukateleza ukagonga hiyo wakati unataka kufunga kichupo. Dawa ni kukliki kulia tena uchague `Unmute site`, au uingie `chrome://settings/content/sound` uone tovuti gani zimefungiwa.

Kialama kikawa kizima, lakini bado kimya! Hapo ndio raha yenyewe, maana sasa nilijua kwa uhakika brauza inatoa sauti ila inaipeleka kwingine. Kwenye Windows 11 bonyeza `Win+Ctrl+V` utaona orodha ya vifaa vya kutolea sauti, na kwake iliyochaguliwa ilikuwa runinga ya HDMI. Alikuwa kaichomeka laptopu kwenye runinga, akaizima runinga kwa rimoti bila kuchomoa waya, na runinga nyingi zikizimwa hivyo kompyuta bado inaziona zipo, kwa hiyo sauti yote inakwenda kwenye runinga iliyolala. Tukachagua spika za laptopu, ikaitika. Hedseti ya blututhi iliyosahaulika ikiwaka kwenye begi inafanya mchezo huo huo.

Kuna moja inasumbua zaidi, Windows inakubali kila programu iwe na kifaa chake. Ukisikia milio ya kawaida ya kompyuta lakini brauza tu ndio bubu, nenda `Settings > System > Sound > Volume mixer`, tafuta brauza yako kwenye orodha uone voliumu yake iko wapi na inatolea wapi.

Sasa pale ambapo kialama hakipo kabisa. Mara nyingi ni sheria za kujicheza. Tangu Chrome 66, Aprili 2018, video inaruhusiwa kujianzisha yenyewe kama haina sauti, ikitaka kuanza na sauti lazima kwanza uwe umekliki au kugusa kitu kwenye ukurasa. Ndio maana video nyingi zinaanza kimya zikiwa na kaspika kadogo pembeni, kaguse, basi. Ila kwenye kompyuta kuna upendeleo: Chrome inahesabu tovuti unazozitazama sana, video ikizidi sekunde 7 huku sauti ikiwa imefunguliwa na kichupo kiko mbele unapata alama, na alama zikitosha tovuti hiyo inaruhusiwa kuanza na sauti bila kukliki. Hapo ndio chanzo cha yale mabishano ya "mbona kwangu inalia", wewe una historia na hiyo tovuti, mwenzio amefungua profaili mpya hana alama hata moja. Alama zako ziko `chrome://media-engagement`.

Kama wewe ndio mtengeneza tovuti, fungua konsoli uandike hivi:

```js
document.querySelector('video').muted
```

Ikijibu `true`, video imenyamazishwa ndani ya ukurasa na hakuna mpangilio wa Windows utakaosaidia. Na ukiona `NotAllowedError` baada ya `play()`, brauza imekukatalia, hiyo `play()` iweke ndani ya kitufe ambacho mtu anakibonyeza mwenyewe. Wanaotumia `AudioContext` nao wakumbuke kuiita `resume()` hapo hapo kwenye kliki, maana ikiwa `suspended` ukurasa unaonekana unafanya kazi vizuri kabisa lakini husikii hata mlio.