Sajenti si msimamizi: ule mchoro wa WhatsApp uufute

Jumatatu ameingia mtu wa tatu mwezi huu, simu mkononi, na kabla hajakaa ananionyesha ule mchoro. Mnaujua. Upande wa kushoto vyeo vya jeshi na polisi, upande wa kulia kazi za uraiani: Koplo ni kiongozi wa timu, Sajenti ni msimamizi, Kapteni ni meneja, Kanali ni mkurugenzi. "Dada, wewe nichapie tu hivi," ananiambia. Alikuwa Kapteni, kwa hiyo sivii yake ianze na neno meneja.

Meneja wa nini, afande?

Kimya.

Mimi niko Bombo. Hapa ukitupa jiwe sokoni litampata aliyewahi kuvaa sare, na kabla ya kufungua kiofisi hiki nilikaa miaka 9 kwenye dawati la kuajiri la kampuni ya usambazaji wa bidhaa Kampala. Nimezisoma sivii hizi nikiwa upande ule wa meza, sasa naziandika nikiwa upande huu. Ninayoyasema leo yanahusu ile mistari minne ya juu kabisa, muhtasari. Huko chini mwajiri hafiki kama juu hajaelewa kitu.

Kosa la ule mchoro ni kwamba unatafsiri cheo, na cheo si kazi. Jeshini kwenyewe mnalijua hili kuliko mimi. Cheo unakivaa begani, halafu kuna wadhifa uliopangiwa. Masajenti wawili wa mwaka mmoja, mshahara mmoja: mmoja ni sajenti wa platuni, anashinda na watu 30, ratiba za lindo, wagonjwa, ruhusa na ugomvi wa vitanda. Mwingine yuko karakana ya magari, anajua lori lipi linakula oili na spea ipi imeagizwa mara mbili. Ukiwaandika wote "msimamizi" umewaibia wote wawili. Tafsiri wadhifa. Cheo kinasema tu jeshi lilikuamini kiasi gani, nacho kina mahali pake, nitafika.

Upande wa pili wa kosa hilo ni kuacha maneno ya kambini yalivyo, hasa yale yanayofanana na ya uraiani. Haya ndiyo hatari kuliko vifupisho, kwa sababu msomaji hajui kwamba hajaelewa. Kwa Kiswahili tuna kombania ya askari na tuna kampuni ya biashara, hatuchanganyi. Sivii ikiingia Kiingereza, vyote viwili vinakuwa neno moja. Nimekaa kwenye usaili ambapo bosi wangu alimuuliza kamanda wa kombania, kwa heshima zote, kampuni yake ilikuwa inauza nini. Mzee wa watu akajibu, "Hatukuwa tunauza." Usaili uliishia pale, ingawa tulikaa dakika 20 nyingine.

Polisi nao wana yao. Wale wa kazi za kawaida za sare wanaitwa kwa Kiingereza askari wa kazi za jumla, na mtu anaandika hivyo hivyo akijivunia miaka 15. Karani wa ofisi anasoma kazi za jumla, anaona ufagio na chai. Inspekta wa polisi akiomba kazi kiwandani anadhaniwa alikuwa akikagua ubora wa bidhaa. Na operesheni! Benki ni idara ya shughuli za ndani, hospitali ni kisu. Kijana mmoja aliomba kazi ya mapokezi kwenye kliniki akaandika ameshiriki operesheni nyingi za usiku.

Kwa polisi sitakaa sana, kanuni ni ile ile. Kama ulikuwa kaunta, usiandike "Koplo, kaunta". Andika kwamba ulipokea walalamikaji, ukasikiliza watu wenye hasira, ukaandika kila tukio kwenye kitabu cha kituo kwa saa na namba ya kumbukumbu, ukakabidhi zamu kwa maandishi. Hiyo ni huduma kwa wateja pamoja na utunzaji wa kumbukumbu, na wateja wenyewe ndio wagumu kuliko wote. Kama ulitunza stoo ya vielelezo, hiyo ni dhahabu, ila hakuna anayeiandika: kila kitu kilichoingia kina namba, kina aliyekileta, kina aliyekichukua, na kikipotea kesi inakufa mahakamani. Ghala lolote la dawa linamtafuta mtu wa namna hiyo.

Sasa nikuonyeshe moja ilivyofanyika. Mteja alikuwa Stafu Sajenti, miaka 17 katika UPDF, jeshi la Uganda, anaomba kazi ya stoo kwa muuza nafaka wa jumla. Alikuja na hii:

"Stafu Sajenti mstaafu mwenye nidhamu, uzalendo na uwezo wa kufanya kazi katika mazingira magumu. Nimehudumu kama CQMS na baadaye QM stoo ya batalioni, nikashiriki operesheni ikiwemo AMISOM. Niko tayari kutumwa popote."

Hakuna uongo hata mmoja humo, na hakuna kitu. Nidhamu kila mstaafu anaiandika, mwajiri anairuka. CQMS anajua nani? Ni yule anayeshughulikia chakula, sare na vifaa vya kombania, lakini muuza mahindi hajui, na hatakupigia simu kukuuliza. "Popote" inamfanya ajiulize kwa nini huna unachokitaka.

Nilifunga kompyuta. Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko kuchapa: nilimwambia anisimulie siku moja, kwa Kiswahili, kama anamsimulia shangazi yake muuza maharagwe. Kiswahili kwa sababu ndicho walichopewa amri nacho na ndicho walichofanyia kazi. Kiingereza chao cha sivii kimekopwa kwenye sivii za wengine. Kiswahili kikishatulia, Kiingereza nitakiandika mimi.

Akaanza. Lori linafika asubuhi. Unga wa posho, nusu kilo kwa mtu, watu kama 700, kwa hiyo magunia 7 ya kilo 50 kwa siku moja. Nikamuuliza, ulijuaje kwamba ni kilo 50 kweli? Akacheka. Kila gunia la kumi lilipanda mzani mlangoni, na likipungua, mzigo wote unapimwa upya dereva akiwa amesimama pale, anatia sahihi upungufu wake mwenyewe. Vipi maharagwe? Anaingiza mkono hadi katikati ya gunia, kwa sababu juu panakaushwa, unyevu unajificha tumboni. Wasaidizi 5. Madaftari 3, moja la kuingia, moja la kutoka, moja la vilivyoharibika. Mwisho wa mwezi wanahesabu stoo nzima, na hesabu isipolingana na daftari, hakuna anayelala.

Miaka 17 hakuona kwamba hayo ni ya kuandika. "Hiyo ni kazi tu, dada."

Tukatoka na hii:

"Mtunza stoo mwenye uzoefu wa miaka 11 wa kupokea, kuhifadhi na kugawa chakula na vifaa, kwanza kwa watu 120, baadaye kwa watu kama 700 kila siku. Nimesimamia wasaidizi 5, nikapima mzigo mlangoni, nikatunza madaftari ya kuingia, kutoka na kuharibika, na kuhesabu stoo kila mwisho wa mwezi. Mwaka 1 nilifanya kazi hiyo Mogadishu. Natafuta kazi ya stoo ya nafaka Luweero au Kampala."

Angalia miaka 11, si 17. Sita ya mwanzo alikuwa askari wa kawaida wa miguu, na ukisema una miaka 17 ya stoo, swali la pili la usaili litakuumbua. Hiyo 6 inakaa chini kwenye historia ya kazi, ambako pia tuliandika jeshi, miaka na cheo, tarehe zikilingana na cheti chake cha kustaafu. Mogadishu imebaki bila AMISOM: kikosi kile cha Umoja wa Afrika kilibadilishwa jina 2022, lakini mji kila mtu anaujua. Na hakuna silaha. Nani alitoa bunduki ngapi wapi, hilo si la muuza mahindi, wala si lako kulisambaza.

Namba nazo nina wasiwasi nazo, nikiri. Zimetoka kichwani mwa mtu, sina daftari la kuzihakiki. Kipimo changu ni kimoja: anayeijua namba anajua ilivyopatikana. Aliyeniambia magunia 7 alinipigia hesabu bila kufikiri. Mwingine aliniambia "nilisimamia mali ya mabilioni", nikamuuliza ilihesabiwa lini na nani, akaanza kunieleza uzalendo. Mabilioni tukayaacha.

Kuna jambo moja linaniudhi hata kwa sivii zilizoandikwa vizuri: "nimeongoza watu 30". Mwajiri wa raia anasoma anasema moyoni, bila shaka, walikuwa hawawezi kukataa. Uraiani mtu akikasirika anaondoka Ijumaa, Jumatatu yuko kwa jirani. Kwa hiyo usimwonyeshe kwamba ulitoa amri, mwonyeshe yale ambayo amri haiwezi kuyafanya. Ulipangaje ruhusa wote walipotaka kwenda nyumbani Krismasi? Ulimfundishaje kuruti asiyejua kusoma kujaza fomu? Aliyefiwa ulimfanyia nini? Kapteni wangu wa Jumatatu, nilipombana hapo, alikumbuka kwamba aliwafundisha madereva 14 hadi wakapata vibali vya magari makubwa. Akiomba kazi kwenye kampuni ya malori, mstari huo unashinda meneja mara kumi. Meneja tuliifuta.

Kuhusu cheo kukaa juu au chini, nimebadilisha mawazo mara mbili. Zamani nilikificha kabisa, kwa sababu wapo waajiri wanaoogopa mwanajeshi, wanadhani atawapigia watu kelele ofisini. Ukikificha, hata hivyo, miaka 17 inaonekana kama shimo, na shimo linaogopesha zaidi. Kampuni za ulinzi ni tofauti, huko weka cheo juu kabisa, wanakisoma kama sisi tunavyosoma bei. Kwa kazi nyingine nakiweka mara moja, kwenye historia ya kazi, kikamilifu bila kifupisho. Ndivyo ninavyofanya sasa. Mwakani sijui.

Yule wa stoo alisoma karatasi yake mara mbili, polepole. Akaniuliza, "Sasa mimi niko wapi hapa?" Nikamwonyesha: mzani ni wewe, madaftari ni wewe. Akatikisa kichwa, akakunja karatasi. Baadaye nilisikia kwamba kabla ya kuipeleka alichukua kalamu akaandika Stafu Sajenti kwa mkono, mbele ya jina lake, juu kabisa. Kazi aliipata. Sijamuuliza mwenye duka alisoma nini kwanza.