"Had" inakaa wapi: before, after na by the time katika masimulizi ya Kiingereza

Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Kigoma, na kanuni inayonipa kazi kubwa kuliko zote ni ile iliyoandikwa kwenye madaftari karibu yote: "Vitendo viwili vikitokea zamani, kilichotangulia kichukue had." Kanuni hiyo si ya uongo, ila imekatwa nusu. Mwanafunzi anayeishika hivyo hivyo anaipachika "had" kila mahali, na simulizi yake inapoteza mwendo. Msomaji anabaki anangoja hadithi ianze, kwa sababu kila sentensi inamrudisha nyuma.

Kazi ya "had" ni kumwambia msomaji kwamba umeacha pale hadithi iliposimama na kurudi nyuma kidogo. Inakuwa ya lazima pale ambapo bila hiyo msomaji atapanga matukio vibaya. Neno jingine likishayapanga, wakati uliopita wa kawaida mara nyingi unatosha.

Mfano wangu wa darasani ni meli ya Liemba, kwa kuwa kila mtoto wa Kigoma anaijua. Wajerumani waliishusha ziwani hapa mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916, vita ilipowaelemea, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi waliipaka injini grisi nzito isije ikaliwa na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Historia hii inafaa sana kufundishia, maana jambo kubwa ndani yake, ile grisi, lilifanyika mapema na umuhimu wake ukaonekana baadaye.

Nianze na "after", ambayo haina ugumu. "After the Germans sank the ship, they left Kigoma" ni sahihi. "After the Germans had sunk the ship, they left Kigoma" nayo ni sahihi. "After" imeshasema lipi lilitangulia, kwa hiyo "had" inaongeza msisitizo tu kwamba la kwanza lilikwisha kabisa ndipo la pili likaanza. Mimi naiweka pale ukamilifu huo unapokuwa na maana: "After they had greased the engines, they sank the ship." Walimaliza kupaka, ndipo wakazamisha. Kwingineko naiacha, na simsahihishi mwanafunzi aliyeiacha.

"Before" ndiyo yenye mtego, na mtego unatoka kwenye Kiswahili chetu. Sisi tunasema "kabla hawajaizamisha meli, waliipaka injini grisi." Kitenzi kinachofuata "kabla" kimekanushwa kwa "-ja-", na masikioni mwetu ni sawa kabisa. Mwanafunzi akihamisha muundo huo anaandika "Before they had not sunk the ship", au "Before they didn't sink the ship". Kiingereza hakikanushi hapo. Kinasema "Before they sank the ship, they greased the engines." Vitenzi vyote viwili viko katika wakati wa kawaida, na hakuna kinachopotea kwa sababu "before" imebeba mpangilio. Ukitaka kusisitiza kwamba grisi ilishakamilika, "had" inakwenda upande wa grisi: "they had greased the engines".

Je, "had" inaweza kukaa upande wa "before" yenyewe? Inaweza, na wengi hatuambiwi. "The ship left before we had bought our tickets" ni Kiingereza safi: meli iling'oa nanga hatujamaliza kukata tiketi. Angalia kwamba hapa kitendo chenye "had" ndicho kilichochelewa, tena huenda hakikufanyika kabisa. Ile kanuni ya madaftari inavunjika papo hapo. "Had" hapa inaonyesha jambo lililokuwa halijakamilika wakati jingine linalikatiza. Ndiyo maana "Before they had sunk the ship, they greased the engines" inasikika vibaya: kupaka grisi hakukukatiza kuzamisha, kulikuwa maandalizi yake.

Sasa "by the time". Maneno haya yanaweka alama kwenye saa fulani, kisha yanauliza: kufikia hapo, hali ilikuwaje? Alama yenyewe inachukua wakati wa kawaida, na tukio lililokwisha kufikia alama hiyo linachukua "had". "By the time we reached the port, the ship had left." Ukiandika "By the time we had reached the port, the ship left", umegeuza mambo. Ukiandika "left" bila "had", msomaji hajui kama mliikosa au mliiona ikiondoka.

Kipimo ninachowapa ni cha Kiswahili: jaribu kusema "ilikuwa ime-". "Tulipofika bandarini, meli ilikuwa imeondoka" inapita vizuri, basi "had left". Lakini kipimo hiki kina mpaka wake. Tunasema pia "abiria walikuwa wamechoka" na "mtoto alikuwa amelala", ambapo "-me-" inaeleza hali. Kiingereza hapo kinasema "the passengers were tired" na "the child was asleep". Mwanafunzi anayefuata kipimo bila kufikiri ataandika "the passengers had tired", na anayesoma atashangaa. Kwa hiyo swali la pili ni hili: ni tukio lililokwisha, au ni hali iliyokuwapo saa ile? Hali inachukua "was" au "were", isipokuwa ukitaja imedumu kwa muda gani hadi hapo. Hapo "had been" inarudi.

Hebu tuone yote kwa pamoja katika aya moja:

"In 1924 the British raised the ship. By the time it came up, it had been under water for years, but the engines were still good. Before they sank it, the German engineers had covered them with grease. After the British repaired the ship, it returned to the lake in 1927."

"Raised" ndiyo inayosimamisha hadithi mwaka 1924. "Had been" inahesabu muda hadi hapo, na "were" ni hali ya injini saa hiyo. Sentensi ya tatu ndiyo mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, si umesema before inatosha? Mbona umeweka had?" Swali zuri sana. "Before" inapanga grisi na kuzamisha tu, mambo mawili ya 1916. Haisemi lolote kuhusu 1924, na hadithi yetu imesimama 1924. "Had covered" ndiyo inayotuvusha kurudi nyuma. Tukishavuka, "sank" haihitaji "had" yake.

Ukitaka kuona uzito wa neno hilo moja, ondoa "before" na kila kilicho nayo, uandike: "The British raised the ship. The engines were good. The engineers covered them with grease." Sasa grisi imepakwa baada ya meli kuibuliwa, na injini zimekaa majini miaka yote hiyo bila kinga. Rudisha "had" mbele ya "covered", na mafundi wanarudi mwaka 1916 walikokuwa.