Dola 60 zilizochelewa, dola 180 zilizo hatarini

«Mwenzetu wa soko la Kadutu amechelewesha dola 60 tu, kwa nini ripoti ya mikopo ya kikundi chetu iandike 180?»

Kwa sababu anayeshindwa kulipa awamu moja hutia shaka awamu zote zilizobaki. Mama huyo wa Bukavu alikopa dola 300 za kurudisha kwa miezi 10, dola 30 kila mwezi mbali na riba. Alilipa mara nne, akakwama. Awamu ya tano imechelewa siku 45, ya sita siku 15. Umri wa deni huhesabiwa kuanzia awamu ya zamani zaidi, kwa hiyo salio lote la 180 huingia katika fungu la siku 31 hadi 60.

Mwanachama mwingine amebakiza dola 60, zote zimechelewa siku 100. Ikiwa kikundi kinadai jumla ya dola 2,400, zilizo hatarini kwa zaidi ya siku 30 ni 240, yaani asilimia 10. Kwa hesabu ya awamu zilizochelewa pekee ungepata 5, nusu ya hatari yenyewe.

Kwa makadirio ya akiba ya hasara, tuseme kikundi kimejipangia asilimia 25 kwa fungu la siku 31 hadi 60 na 100 kupita siku 90: 45 na 60, jumla dola 105. Ila mkopo ukipangiwa tarehe mpya, siku za kuchelewa hurudi sifuri na ripoti hupendeza ghafla (hila ya kawaida mno), basi mikopo hiyo iandikwe kwenye mstari wake.