Hali ya kushindwa katika mchezo wa kuchukua vijiwe

Katika michezo ya kuchukua vijiwe, hali ya kushindwa ni idadi ya vijiwe ambayo, zamu ikiwa yako, huna hatua yoyote ya kukuokoa mradi mwenzako asikosee. Hali hiyo haitegemei nani hodari wala nani alianza. Inategemea vijiwe vilivyobaki na kanuni mliyokubaliana, basi. Wafuate marafiki wawili, Rehema na Baraka, uone jinsi walivyoigundua.

Walianza na fungu moja la vijiwe 21. Kila mmoja akifikiwa na zamu huchukua kijiwe 1, 2 au 3, na hakuna kupisha zamu. Anayechukua cha mwisho ndiye mshindi. Rehema alishindwa raundi chache mfululizo, kisha akaacha kuumiza kichwa juu ya mwanzo wa mchezo, akaanza kuchunguza mwisho wake.

"Vikibaki vinne na zamu ni yangu, sina pa kwenda," alimwambia Baraka. "Nikichukua kimoja, wewe unabeba vitatu. Nikichukua viwili, unabeba viwili. Nikichukua vitatu, unamalizia kimoja."

"Kwa hiyo mimi nikikuachia vinne, mchezo umeshakwisha hata kama bado tunacheza," Baraka akajibu.

Maneno hayo yalibadilisha swali. Sasa hawakugombea kijiwe cha mwisho, waligombea nani amwachie mwenzake vijiwe 4. Mwenye 5, 6 au 7 anaweza kufanya hivyo kwa kuchukua 1, 2 au 3. Mwenye 8 hawezi, kwa sababu hatua zake zote zinamwachia mwenzake 7, 6 au 5. Basi 8 nayo ni hali ya kushindwa, na kwa hoja ileile 12, 16 na 20. Anayeanza na vijiwe 21 anapaswa kuchukua 1 tu, na baada ya hapo kila mara akamilishe nne: mwenzake akichukua 3 yeye achukue 1, akichukua 2 naye achukue 2.

Baraka aliamini kwamba siri yote ni hiyo ya kukamilisha jumla. Rehema akapendekeza wabadilishe kanuni: sasa inaruhusiwa kuchukua 1, 3 au 4, na kuchukua 2 ni marufuku. Baraka akajumlisha hatua ndogo na hatua kubwa, 1 na 4, akapata 5, akajitahidi mpaka akamwachia Rehema vijiwe 5. Rehema akachukua 3. Vikabaki 2, na Baraka hakuruhusiwa kuvibeba vyote. Akachukua 1, Rehema akachukua cha mwisho.

Kilichoharibika ni hiki: kukamilisha 5 kunahitaji kila hatua iwe na mwenzake wa kuijaziliza. 1 ina 4, na 4 ina 1, lakini 3 inahitaji 2, na 2 hairuhusiwi. Ujanja wa jumla ulifaa katika mchezo wa kwanza kwa sababu hatua zake ziliupa nafasi. Njia inayofaa kwa kanuni yoyote ya fungu moja ni kuanza chini kabisa na kupanda, kijiwe kimoja kimoja, ukiuliza kila idadi ni ya kushinda au ya kushindwa.

Walifanya hivyo. Vijiwe 0 ni hali ya kushindwa, kwa kuwa mwenye zamu amekuta mwenzake ameshachukua cha mwisho. Mwenye 1 anakichukua na kushinda. Mwenye 2 ana hatua moja tu, kuchukua 1, na hiyo inampa mwenzake ushindi. Kwa hiyo 2 ni ya kushindwa. Mwenye 3 au 4 anabeba vyote. Mwenye 5 anachukua 3 na kuacha 2, na mwenye 6 anachukua 4 na kuacha 2 vilevile. Mwenye 7 anaweza kuacha 6, 4 au 3, na zote tatu ni za kushinda kwa anayezipokea. Basi 7 ni ya kushindwa.

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo tuangalie vizuri. Idadi inakuwa ya kushindwa pale tu hatua *zote* zinapompa mwenzako hali ya kushinda. Inakuwa ya kushinda ikiwa kuna hata hatua *moja* inayompa mwenzako hali ya kushindwa. Ndiyo maana kuwa katika hali ya kushinda hakukuhakikishii ushindi. Mwenye vijiwe 6 ana njia tatu, na njia moja tu ndiyo salama: kuchukua 4. Akichukua 1 anaacha 5, akichukua 3 anaacha 3, na kwa vyovyote ushindi umehamia upande wa pili. Lakini mwenye 7 hana cha kuchagua. Anachoweza ni kutumaini mwenzake ateleze.

Wakiendelea kupanda, walikuta 8 ni ya kushinda, 9 ya kushindwa, kisha 10, 11, 12 na 13 zote za kushinda, na 14 ya kushindwa. Orodha ya hali za kushindwa ikawa 0, 2, 7, 9, 14. Rehema akabashiri kwamba inayofuata ni 16, kwa sababu mpangilio unajirudia kila baada ya vijiwe 7.

"Umejuaje hautavunjika tukifika mia?" Baraka akauliza.

Swali lilikuwa la haki, maana mifano mitano haithibitishi kitu. Jibu liko kwenye kanuni. Hatua kubwa kuliko zote ni 4, kwa hiyo ili kujua hali ya idadi fulani unahitaji kujua idadi nne tu zilizo chini yake. Sasa tazama 0, 1, 2, 3: kushindwa, kushinda, kushindwa, kushinda. Kisha tazama 7, 8, 9, 10: ni mfuatano uleule. Kwa kuwa nne zinazofanana huzaa inayofuata iliyo sawa, kila kinachokuja baada ya 10 lazima kifuate kilichokuja baada ya 3, bila mwisho. Kwa hiyo gawanya vijiwe kwa 7. Baki ikiwa 0 au 2, mwenye zamu anashindwa. Vijiwe 100 vina baki 2, hivyo ukipewa nafasi ya kuanza na vijiwe 100, ikatae.

Kanuni ikiguswa, hesabu yote inaanza upya. Ukisema anayechukua cha mwisho ndiye anashindwa, katika mchezo wa kwanza wa 1, 2 au 3 hali za kushindwa zinakuwa 1, 5, 9, 13 na kuendelea.

Kuongeza fungu la pili nako kunavuruga mambo kwa namna isiyotarajiwa. Rudi kwenye kanuni ya 1, 2 au 3, uweke mafungu mawili yenye vijiwe 3 kila moja, na kila zamu mtu achague fungu moja la kuchukua. Fungu la vijiwe 3 likiwa peke yake ni ushindi wa papo hapo. Yakiwa mawili, mwenye zamu anashindwa: chochote anachochukua upande mmoja, mwenzake anachukua kiasi hichohicho upande wa pili, mpaka vyote viishe. Hali mbili za kushinda zimeunganishwa zikazaa ya kushindwa. Mchezo wa mafungu mengi, ambapo unaruhusiwa kuchukua vijiwe vyovyote utakavyo kutoka fungu moja, unaitwa Nimu, na mwanahisabati Charles Bouton ndiye aliyechapisha utatuzi wake kamili mwanzoni mwa karne ya 20.