Si kila kijiti chenye miguu ni vunjajungu

“Nimempiga picha kwenye mkorosho huku Nachingwea. Mwembamba, wa kahawia, kama kijiti. Si ndiye vunjajungu wa kahawia?”

Hapana, huyo ni mdudu-kijiti. Rangi iweke kando kabisa, maana hata vunjajungu wa aina moja huweza kuwa kijani au kahawia.

Kuza picha utazame miguu ya mbele. Ya vunjajungu ni minene mapajani, imekunjwa mbele ya kifua, na ina miiba inayobana windo kama meno ya mtego. Ya huyu wako ni myembamba sawa na mingine, imenyooshwa mbele sambamba na vipapasio. Ukisogeza jicho kichwani utaona mapaja hayo yamebonyea kidogo, kichwa kikaenea katikati. Ndiyo maana hujui kijiti kinaishia wapi. Miguu hiyo haikamati chochote. Mwenyewe anakula majani tu.

Tatizo ni vunjajungu wa jenasi ya Popa, ambao nao wamejigeuza vijiti na hunyoosha miguu ya mbele vilevile. Hao hupotosha hata wazoefu. Hapo amua kwa kichwa: cha vunjajungu kina umbo la pembetatu, na macho makubwa yametokeza pembeni. Cha mdudu-kijiti ni kirefu, macho madogo.

Jina kamili la spishi sitakupa kwa picha moja ya mgongoni. Mpige tena kwa ubavu, kichwa na miguu ya mbele vionekane, kisha ncha ya tumbo kwa karibu.